Dirisha na Chumba katika Picha Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Mji Mkongwe

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya zamani ya ghorofa, Mji Mkongwe, Unguja. Jina la familia, mtaa na kila alama inayoweza kuwatambulisha wahusika nimeziondoa, na wenyewe wameridhia kisa kielezwe kwa namna hii. Mimi ndiye niliyepiga picha na ndiye niliyeziunganisha, kwa hiyo makosa yatakayotajwa humu ni yangu.

Familia ilikuwa inajiandaa kuhama kwa muda ili nyumba ifanyiwe matengenezo. Bibi wa nyumba hiyo, ambaye humu nitamwita Bi Mkubwa kama walivyomwita wote waliomzunguka, amekaa kwenye dirisha moja kwa miaka mingi akishona kofia za mkono. Mjukuu wake alinieleza anachokitaka kwa maneno machache: "Kaka, tunamtaka bibi na dirisha lake, bahari ionekane, na chumba kionekane pia. Simu zetu zinatupa kimoja tu." Maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa. Picha walizokuwa nazo zilikuwa za aina mbili: ama Bi Mkubwa anaonekana vizuri na nyuma yake kuna mraba mweupe mtupu, ama bahari na majahazi yanaonekana na yeye amekuwa kivuli cheusi.

Chumba chenyewe kilikuwa na mambo matatu yaliyoamua mengi baadaye. Kwanza, kilikuwa chembamba, kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba hizo, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Hapo upana haukuzidi mita tatu, kwa hiyo nafasi ya kurudi nyuma na kamera ilikuwa ndogo. Pili, ukuta wa mawe na chokaa ulikuwa mnene, karibu nusu mita, na dirisha lilikaa ndani ya unene huo, hata pande zake za ndani zikawa kama vijukuta vilivyopakwa chokaa nyeupe. Tatu, dirisha lilitazama magharibi, upande wa bandari. Asubuhi jua huwa nyuma ya nyumba: bahari na vyombo vilivyotia nanga huangazwa moja kwa moja, ilhali dirishani haupiti mwale wowote wa jua, na chumba huishi kwa mwanga unaotoka mbinguni na ule unaorudishwa na maji. Hiyo ndiyo saa ambayo tofauti kati ya nje na ndani huwa kubwa, na ndiyo saa pekee ambayo Bi Mkubwa hukaa dirishani akashona, maana mchana hupumzika.

## Kipimo cha mwanga

Kabla ya kupiga chochote nilipima mwanga wa sehemu tatu, nikiwa nimeweka tundu la lenzi kwenye f/5.6 na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kwenye 800. Bahari nje ilitaka kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya kama 1/6400 ya sekunde. Uso wa Bi Mkubwa, uliokuwa karibu na dirisha, ulitaka 1/60. Kona ya ndani, penye kabati la mbao na saa ya ukutani, ilitaka 1/8.

Wapiga picha huhesabu tofauti hizi kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili ya ule uliotangulia. Kutoka usoni hadi baharini kulikuwa na karibu stopu saba, yaani nje kulikuwa na mwanga zaidi ya mara mia moja ya ule ulioangukia uso. Kutoka konani hadi baharini kulikuwa na karibu stopu kumi. Jicho la mtu aliyeketi chumbani halioni taabu, kwa sababu hujirekebisha kila linapohama kutoka dirishani kwenda kabatini. Kamera hupewa kipimo kimoja tu kwa picha nzima.

## Njia zilizofikiriwa

Njia ya kwanza ilikuwa flashi, kumwangaza Bi Mkubwa hadi alingane na nje. Familia iliniomba nisiitumie kwa sababu macho yake yana matatizo na mwanga wa ghafla humsumbua, na ombi hilo lilimaliza mjadala. Hata pasipo ombi hilo nisingependa kuitumia: mwanga wa dirisha uliokuwa ukipita juu ya mikunjo ya mikono yake ndio uliokuwa uzuri wa picha, na flashi ingeufuta.

Njia ya pili ilikuwa kupiga picha moja kwa faili ghafi, lile ambalo kamera haijalichakata, kwa kipimo cha nje, kisha kuinua giza kwenye kompyuta. Mwenye kamera ya kisasa yenye sensa kubwa, kile kipande kinachopokea mwanga, anaweza kuridhika na matokeo yake. Nilijaribu na kamera yangu, ambayo sensa yake ni ndogo na ina umri, nikashusha ISO hadi 100 ili kuipa nafasi bora kabisa. Nilipoinua kivuli kwa stopu sita, uso ulijaa chembechembe, na hudhurungi ya kabati ikageuka kuwa rangi ya zambarau iliyofifia. Bahari ilikuwa safi, lakini mtu hakuwa safi, na picha ilikuwa ya mtu.

Ikabaki njia ya tatu: kupiga picha mbili kutoka mahali pamoja, moja kwa kipimo cha chumba na nyingine kwa kipimo cha dirisha, kisha kuziunganisha. Kuanzia hapa nitaziita picha ya chumba na picha ya dirisha.

Kikomo cha picha ya chumba hakikuamuliwa na kona ya kabati. Kiliamuliwa na kofia nyeupe iliyokuwa mapajani mwa Bi Mkubwa. Kitambaa hicho kilipata mwanga mwingi kuliko uso, na kama ningeongeza mwanga kuifurahisha kona, viua vyote vya kofia vingeyeyuka katika weupe. Nikabaki kwenye 1/60, nikakubali kona iwe na giza, kwa kuwa kona ya chumba kama kile kweli ina giza. Kwa picha ya dirisha nilichagua 1/4000, pungufu kidogo ya kasi ambayo kipimo kilitaka, ili matanga na mawingu meupe yasipotee na wakati huohuo nisilazimike kuinua mwanga mwingi baadaye. Tofauti ya picha mbili ikawa stopu sita kamili.

## Ziara ya kwanza

Niliweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, mshazari, karibu mita mbili na nusu kutoka alipoketi Bi Mkubwa, kwa lenzi ya milimita 24. Nilizima taa ya dari, kwa sababu rangi yake isingelingana na mwanga wa mchana. Nikapiga picha ya chumba, nikazungusha gurudumu la kasi kwa mkono, nikapiga picha ya dirisha. Nilifanya hivyo mara kadhaa na nikaondoka nikiamini kazi imekwisha.

Nyumbani nilikuta kasoro tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kompyuta.

Ya kwanza ilikuwa fokasi. Nilikuwa nimeiacha ijiongoze yenyewe, na katika picha ya dirisha, ambamo Bi Mkubwa alikuwa mweusi na kitu pekee kilichoonekana wazi kilikuwa bahari, kamera iliyaona majahazi ikayafuata. Hilo lingeonekana dogo, lakini lenzi nyingi hubadilisha kidogo ukubwa wa kile kilichomo ndani ya picha fokasi inapohama. Fremu ya dirisha ilikuwa pana zaidi katika picha moja kuliko nyingine kwa pikseli kadhaa, na pembeni tofauti ilizidi kuliko katikati, hata kusogeza picha moja juu ya nyingine kusingeweza kuzilinganisha kila mahali.

Ya pili ilikuwa pazia. Upepo ulikuwa mwepesi, lakini pazia jepesi halihitaji zaidi ya huo, na lilikuwa mahali tofauti katika kila picha. Kwa kuwa pazia lilisimama nusu mbele ya ukuta na nusu mbele ya bahari, hapakuwa na mstari ambao ningeweza kukata bila kupata pazia mbili au nusu pazia.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito. Kichwa cha Bi Mkubwa kilikuwa mbele ya dirisha lenyewe, hivyo ukingo mzima wa mtandio wake, kutoka bega moja hadi jingine, ulipakana na mwanga mkali. Katika picha ya chumba mwanga ule ulimwagikia ndani ya ukingo ukaula: nyuzi za mtandio zilizokuwa ukingoni hazikuwapo tena, zilikuwa nyeupe. Nilipoweka bahari nyuma yake, kichwa kilizungukwa na utepe mweupe. Nilipousogeza mpaka ndani ili kuuficha utepe, nikapata mstari mweusi, kwa sababu katika picha ya dirisha mtandio ulikuwa kivuli. Nilifuta na kupaka kwa brashi karibu saa tatu nzima, na kila nilipoitazama picha kwa mbali niliona mtu aliyekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Pamoja na hayo nilimtumia mjukuu nakala ya majaribio, nikiwa nimesawazisha dirisha na chumba hadi vikawa na mwangaza mmoja. Jibu lake lilikuwa hili: "Kaka, imekuwa kama tivii imetundikwa ukutani." Jibu hilo lilinifundisha kuliko saa zangu tatu za brashi. Chumba kile kilikuwa kinapata mwanga wake wote kutoka dirishani. Mimi nilikuwa nimelishusha dirisha hadi likawa hafifu sawa na ukuta uliokuwa ukiangazwa nalo, na jicho la mtazamaji, hata asipojua sababu, hukataa kuamini chanzo cha mwanga kisichozidi kile kinachoangazwa.

## Ziara ya pili

Nilirudi baada ya siku mbili, saa tatu na nusu ileile ya asubuhi, anga likiwa jeupe kama siku ya kwanza. Nilimwamkia Bi Mkubwa, nikamweleza kwamba naomba kurudia. "Rudia, mwanangu," aliniambia, "kushona nako ni kufumua."

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kusogeza kiti chake kama sentimita thelathini kuelekea ndani. Kwa pembe niliyosimama, uso na sehemu kubwa ya kichwa vikahama kutoka mbele ya bahari na kuja mbele ya kijukuta cha pembeni mwa dirisha, kile cheupe kinachotokana na unene wa ukuta. Ukingo uliobaki ukipakana na bahari ulikuwa kipande kifupi cha mtandio begani. Hakuna uamuzi mwingine katika kisa hiki uliopunguza kazi kiasi hicho. Kijukuta kilikuwa kimepata mwanga wa kutosha kuutenga uso na nyuma yake, lakini hakikuwa kikali kiasi cha kuula.

Kisha nililifunga pazia kwa uzi wa kofia alionipa mwenyewe. Nikaweka fokasi kwenye uso, nikaizima isijiongoze, na rangi ya mwanga nikaifunga kwenye kipimo cha mchana ili picha zote zitoke na rangi moja. Tundu la lenzi sikuligusa, kwa sababu likibadilika, ukungu wa vitu vya mbali hubadilika nao na kingo hazilingani tena. Kilichoruhusiwa kubadilika ni kasi ya shata peke yake.

Safari hii sikuzungusha gurudumu kwa mkono. Niliitumia ile nafasi ya kamera inayopiga picha tatu mfululizo kwa viwango tofauti, nikaiweka stopu tatu chini na tatu juu ya 1/500. Hapo nikapata 1/4000, 1/500 na 1/60 kwa mpigo mmoja, katika muda usiozidi sekunde moja, bila kidole changu kuitikisa kamera, kwa kuwa niliiwashia saa ya kusubiri sekunde mbili. Picha ya katikati sikuihitaji kwa mpango wangu, ila nilizihifadhi zote, na baadaye nilishukuru. Zipo kamera ambazo haziruki zaidi ya stopu mbili kati ya picha moja na nyingine. Mwenye kamera hiyo itambidi apige seti ya picha tano, au abadilishe kasi kwa mkono kwa utulivu.

Nilimwomba Bi Mkubwa ashone kama kawaida, na kila nikimwambia "tayari" asimamishe sindano na kuitazama kofia hadi mlio uishe. Nilipiga seti nane.

Kuchagua seti kulihitaji ujanja kidogo, maana katika picha ya dirisha mtu ni mweusi na huwezi kujua kama ametikisika. Niliichukua kila picha ya dirisha nikaiongezea mwanga stopu sita kwenye programu ya kusafisha faili ghafi. Iliharibika kwa chembechembe, lakini mtu alionekana, na nilipoiwasha na kuizima juu ya mwenzake niliona wazi iwapo bega lilisogea. Katika seti ya tano bega halikusogea hata kidogo. Mkono wenye sindano ulikuwa umepanda kidogo kati ya picha moja na nyingine, ila mkono ulikuwa mbali na dirisha na ungechukuliwa kutoka picha ya chumba pekee, kwa hiyo sikuujali.

## Kuunganisha

Picha zote mbili nilizisafisha kwa rangi moja na marekebisho yaleyale ya lenzi, bila kukata pembeni. Picha ya dirisha niliiongezea stopu moja. Hesabu yake ilikuwa hivi: nilitaka sehemu angavu ya bahari iwe angavu kuliko kijukuta cheupe cha dirisha, na kijukuta kiwe angavu kuliko kofia, na kofia iwe angavu kuliko uso. Huo ndio mpangilio uliokuwapo chumbani. Umbali kati ya ngazi hizo niliubana, kwa sababu karatasi haina uwezo wa stopu kumi, lakini hakuna ngazi niliyoiruhusu kuipita nyingine.

Kazi niliifanya kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Picha ya chumba ilikaa chini na picha ya dirisha juu yake, na tabaka la juu nikalipa maski kwa kuchagua `Add Layer Mask` na kisha `Grayscale copy of layer`. Maski ya namna hii hutengenezwa na mwangaza wa picha yenyewe: palipo peupe tabaka la juu huonekana, palipo peusi hufichika. Kwa kuwa katika picha ya dirisha nje kuna mwanga na chumba ni cheusi tii, maski hutoka karibu tayari, na ukingo wa bega huchorwa na kivuli halisi, kwa usahihi ambao mkono wenye brashi hauufikii. Kwa `Levels` niliikaza maski hiyo mpaka chumba kikawa cheusi kabisa na anga likawa jeupe kabisa.

Maski hiyo ina udhaifu mmoja unaopaswa kutazamwa mapema. Vitu vyeusi vilivyo ndani ya dirisha, kama ubavu wa jahazi na nondo za dirisha, navyo huhesabiwa kuwa chumba, na mahali pao picha ya chumba hupenya. Dalili yake ni jahazi lililopauka kama limefunikwa na ukungu, na nondo zilizokonda kana kwamba zimeliwa na kutu. Tiba ni kupaka nyeupe kwa brashi ndani ya maski, juu ya vitu hivyo, bila kugusa ukingo wa mtu.

Kingo zilitaka mkono tofauti kila moja. Kwenye kijukuta cha dirisha niliulainisha mpaka wa maski kwa upana wa karibu pikseli mia tatu, ukaanza upande wa bahari na kuishia upande wa chumba. Hapo unene wa ukuta wa Mji Mkongwe ulinisaidia sana, kwa sababu mwanga kwenye kijukuta kile hupungua polepole wenyewe kutoka nje kwenda ndani, na mpito wa maski ulijificha ndani ya mpito wa kweli. Katika nyumba ya matofali yenye ukuta mwembamba, mpaka ungelazimika kuwa mkali.

Begani nililainisha kwa pikseli mbili tu. Utepe mweupe ulibaki, mwembamba kuliko ule wa mwanzo, na niliusogezea maski ndani kwa pikseli tatu. Palipotokea mstari wa giza niliufifisha kwa brashi yenye nguvu ndogo sana, nikirudia mara nyingi badala ya kukaza mara moja. Sikuumaliza mwanga wote uliokuwa pale. Mtandio ni kitambaa chepesi, na mwanga hupita kati ya nyuzi zake. Ukingo uliofutwa mwanga kabisa hurudisha ile sura ya kubandikwa, kwa hiyo nililiachia bega mng'ao mdogo ambao macho yangu yaliuona siku ile nikiwa nimesimama chumbani.

## Matokeo

Picha ilichapishwa kwa ukubwa wa sentimita thelathini kwa arubaini na tano. Chapa ya kwanza ilitoka nyeusi kuliko kioo cha kompyuta: boriti hazikuonekana na kabati lilikuwa doa. Nikainua chumba kwa nusu stopu kwa ajili ya karatasi peke yake, nikichunga kofia isipande nayo.

Chapa ya pili niliipeleka mwenyewe. Bi Mkubwa aliishika karibu na uso, akaitazama kwa muda, akasema, "Hapa ndipo." Mjukuu wake alitaka bahari iwe ya buluu zaidi. Nilimweleza kwamba nikiikoleza bahari, dirisha litashuka mwangaza na tivii itarudi ukutani. Tuliijaribu pamoja kwenye kompyuta, naye akaona, akaiacha.

Siku ile nyumbani kwao ndipo nilipoona kasoro iliyonipita. Kabati lilikuwa na milango ya vioo, na katika kioo kimoja kulikuwa na taswira ya dirisha. Taswira hiyo ilitoka kwenye picha ya chumba, kwa hiyo ilikuwa nyeupe tupu, angavu kuliko dirisha lenyewe nililokwisha kulishusha. Kioo cha kawaida hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga unaokiangukia. Taswira haiwezi kukishinda chanzo chake, na mtu yeyote mwenye jicho angeweza kuniambia kwamba dirisha limechezewa kwa kuitazama kabati peke yake. Niliomba picha nirudi nayo. Picha ya dirisha haikunifaa hapo, kwa sababu ndani yake kabati lote lilikuwa giza. Iliyonifaa ni ile ya katikati, ya 1/500, ambamo taswira ilikuwa na umbo la dirisha na nondo zake. Niliipachika mahali pale peke yake, kwa maski ndogo yenye ukingo laini, nikachapisha kwa mara ya tatu.

## Uchambuzi

Nikiyapima yote, sehemu kubwa ya mafanikio ilipatikana kabla ya kompyuta kuwashwa. Kiti kilichosogezwa sentimita thelathini kilifanya kile ambacho saa tatu za brashi hazikukifanya, kwa sababu tatizo la ukingo si la programu: mwanga ukishaula ukingo katika picha ya chumba, taarifa za ukingo huo hazipo popote. Anayepiga picha ya mtu mbele ya dirisha na kutaka kuunganisha, aangalie kwanza ni urefu gani wa ukingo wa mtu unaopakana na mwanga mkali, kisha aupunguze kwa kusogeza kiti, kamera au yeye mwenyewe.

Kilichoshindikana mwanzoni kilitokana na kuamini kwamba picha mbili kutoka stendi moja zimekwisha kulingana. Stendi huzuia kamera isitembee. Fokasi, pazia na bega haivizuii, na katika kisa hiki vyote vitatu vilitembea.

Kuhusu mwangaza wa dirisha, nadhani kosa langu la ziara ya kwanza ndilo linalofanywa zaidi, kwa kuwa mtu akishapata uwezo wa kuonyesha kila kitu hushawishika kukionyesha chote kwa usawa. Kipimo changu sasa ni kimoja: nafinya macho nikiitazama picha mpaka iwe na ukungu, na ikiwa dirisha si sehemu angavu kuliko zote, nalipandisha. Ukungu huo huondoa bahari, majahazi na nondo, ukaacha mwanga peke yake.

Kasoro moja imebaki na nimeiacha. Chini ya bega, mtandio unapokutana na fito ya chini ya dirisha, kuna kipande cha upana wa ukucha ambacho nyuzi zake si za picha hii wala ile. Niliweza kumwomba Bi Mkubwa aondoke kitini nipige dirisha tupu, na bahari kamili nyuma ya ukingo ingenisaidia pale. Sikufanya hivyo kwa sababu kunyanyuka na kukaa humchosha. Kama anayepigwa ni kijana, ningepiga dirisha tupu kila mara, kwa fokasi ileile na 1/4000 ileile, mara tu baada ya seti ya mwisho.

Siku niliyopeleka chapa ya tatu ilikuwa jioni, jua limekwisha zama. Nilipima tena kwa mazoea: nje na pale uso ulipokuwa vilikuwa vinatofautiana kwa stopu mbili tu, na picha moja ingetosha. Lakini bahari ilikuwa ya kijivu, ukuta umekuwa wa buluu, na kile kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.